Mvua ya Songwe Haina Misimu Miwili

Katika kata ya Ikinga, wilayani Ileje, mvua ya kupandia husubiriwa Novemba, na kufikia Aprili huwa inaaga. Ni msimu mmoja. Lakini chukua jedwali la mvua la mikoa lililopakwa rangi: Songwe ina rangi nzito kushoto kabisa na nyingine kulia kabisa, katikati peupe. Asiyeijua Songwe ataapa kwamba ina misimu miwili.

"Mwaka unaanza Januari," mtengenezaji hujitetea. Mwaka wa kalenda, ndiyo. Wa mvua haujui hilo. Anzia Julai, ishia Juni, na ile rangi iliyokatwa vipande inaungana kuwa mkanda mmoja mpana, huku Tanga na Kagera zikibaki na mikanda miwili, vuli na masika. Halafu panga mikoa kwa kufanana kwake. Alfabeti inaiweka Songwe hatua mbili tu kutoka Tanga na kuitupa mbali na Katavi, ambayo mvua yake inafanana nayo.

Wengine husema Excel iachiwe rangi. Chaguo la kwanza kwenye `Color Scales` ni kijani, njano na nyekundu, na wapo wasiotofautisha nyekundu na kijani. Ukitoa fotokopi, hata wenye macho mazima wanapotea. Rangi moja inayokolea taratibu inatosha. Lakini hata hiyo ina mtego: kompyuta huivuta kuanzia namba ndogo hadi kubwa kuliko zote. Tuchukue mfano wa milimita 500 za Tukuyu mwezi Aprili, 160 za Songwe na 95 za Dodoma mwezi Desemba. Tukuyu inakula weusi wote; Songwe inapata theluthi moja ya ukolevu, Dodoma moja ya tano, na jicho halioni tofauti ya maana kati yao, ingawa mkulima wa mahindi anaiona shambani. Weka madaraja yako mwenyewe: chini ya 10, 10–49, 50–99, 100–199, 200 na zaidi. Sasa Songwe na Dodoma zinaachana kwa daraja zima, na Tukuyu haimwonei mtu. Ndiyo, 210 na 500 zitafanana. Hiyo ndiyo gharama, na kwa swali la lini kupanda ni nafuu.

"Basi andika namba kila seli." Mikoa 26 ya Bara kwa miezi 12 ni namba 312. Peleka jedwali la namba kwenye kiambatisho.

La mwisho, kwamba seli tupu ijieleze yenyewe, ni hatari. Excel haipaki seli isiyo na namba, na mwezi mkavu nao ni mweupe. Kituo ambacho kipimo kiliharibika Februari kitasomeka kama ukame katikati ya msimu. Ipake kijivu, uandike kwenye ufunguo: hakuna takwimu.