Hiyo "s" Inakula Alama Yako, na Kiswahili Kilishakuonya

Wasee, leo tuongee kuhusu sarufi ya Kiingereza, ile ya mwisho kwa karatasi ya pili ya KCSE, yenye alama 15. Unapata sentensi kama hii, na kitenzi ukiweke vile kinafaa: "The principal demanded that Brian (return) the book." Mmoja anaandika "returns" kwa sababu Brian ni mtu mmoja. Mwingine anaandika "returned" kwa sababu ameona "demanded" pale mbele. Jibu ni "return", hivyo tu, bila nguo yoyote.

Kinachoniudhi ni vile tunafunzwa hii kitu. Orodha inaandikwa ubaoni, "suggest", "insist", "demand", "recommend", halafu unaambiwa ukariri. Hakuna anayekuambia kwamba umekuwa ukifanya hivyo kwa Kiswahili tangu ukiwa mtoto. Si unasema "mwalimu mkuu alidai Brian arudishe kitabu"? Angalia hiyo "arudishe". Haina -li-, haina -na-, haina -ta-. Haijali kama kudai kulitokea jana ama mwaka juzi, kwa sababu kurudisha ni kitu kilikuwa kinangojewa, si kitu kilishatokea. Kiingereza pia kinavua kitenzi alama zote za wakati, pamoja na hiyo "s".

Na inaendelea kufanya kazi hata mahali watu huchanganyikiwa kabisa. "Alipendekeza asiende" inakuwa "She suggested that he not go". Hakuna "does not" wala "did not". "Walidai pesa zirudishwe" inakuwa "They demanded that the money be returned", na hiyo "be" inayoonekana ni kama makosa ndiyo sahihi. (Ukiandika "should be returned" pia uko sawa kwa Kiingereza, lakini kama swali linataka neno moja, utaweka wapi hiyo "should"?)

Lakini usibebwe. "Nilimwambia aende" ni "I told him to go", na "nataka aende" ni "I want him to go". Kwa Kiswahili zote zinafanana, kwa Kiingereza "tell" na "want" zinataka "to". Hapo ndipo "suggested him to go" hutoka, na hiyo haikubaliki. Kwa hivyo angalia kitenzi kinachotangulia kwanza. Kama ni "tell" ama "want", hii hesabu yote si yako.

Sasa "wish" na "if only". Hapa Kiswahili cha mtaa kinatuangusha kidogo. Kitabuni, "laiti ningejua" ni ya sasa na "laiti ningalijua" ni ya jana. Mtaani tunasema "ningejua" kwa zote mbili, na Kiingereza hakikubali huo mchezo. Cha kufanya ni kuuliza: majuto ni ya lini? Ya sasa, rudi hatua moja: "I wish I knew". Ya zamani, rudi hatua mbili: "I wish I had known".

Tuchukue swali la kuandika upya: "I regret selling my phone." Anza na "If only". Kuuza kulishapita, kwa hivyo ni "had". Halafu kitu wengi hupita bila kuona: majuto ni ya kitu kilichofanyika, lakini tamaa ni ya kinyume chake. Lazima "not" iingie: "If only I had not sold my phone." Na kama swali lilikuwa "I regret not listening", hiyo "not" inatoka. Ukiandika "I wish I would have listened", vile tunasikia kwa filamu za Marekani, mtahini atakuhurumia tu.

Turudi kwa "insist", kwa sababu hiyo ina sumu. Mwenye nyumba alisisitiza kwamba Akinyi alipe kodi. Mwenye nyumba alisisitiza kwamba Akinyi alilipa kodi. Kwa ya kwanza Akinyi ana deni, kwa ya pili mwenye nyumba anamtetea. Kiingereza kinatenganisha hizo mbili kwa "pay" na "paid" tu. Uingereza kuna watu huandika "insisted that she paid" hata wakimaanisha deni, ndiyo maana sentensi kama hiyo inaweza kuleta ubishi kwa barua ya kweli. "Suggest" pia iko hivyo: "The smoke suggests that he is cooking", moshi unaashiria anapika. Hakuna mtu amemwambia apike, kwa hivyo "is" inabaki na nguo zake.

So kabla uandike, sema sentensi kwa Kiswahili polepole. Ikitoka "alipe", vua kitenzi. Ikitoka "alilipa" ama "anapika", wacha wakati wake ukae.

Na nyinyi mnaotunga maswali: "suggested that they (go)" haipimi hiyo "s". Wao hawana "s" tangu mwanzo.