Miaka saba si lazima itimie
Na Mwanaidi Shee, safu ya kila Jumamosi

Baharia akipotea katika pwani ya Kenya na maiti yake isipatikane, mkewe huambiwa neno moja kila anakobisha hodi: subiri miaka saba. Wakati huo, akiba ambayo mumewe alikatwa kwenye mshahara na kupelekwa NSSF inalala tu, kwa sababu warithi huombwa cheti cha kifo, na hicho hakipo. Ninalopinga ni kwamba jibu hilo ni nusu ya sheria. Nusu inayoachwa ndiyo ingemsaidia.

Nusu inayojulikana imo katika kifungu cha 118A cha Sheria ya Ushahidi. Mtu asiposikika kwa miaka saba na wale ambao wangetarajiwa kupata habari zake kama angekuwa hai, mahakama itachukulia kuwa amekufa, mpaka mwingine alete ushahidi wa kinyume. Uzito uko kwa hao "wale". Kiapo cha mke peke yake ni chepesi. Jaji atataka kumsikia mama mzazi, ndugu na mwajiri, maana mwanamume anaweza kumkimbia mkewe na bado akawa anampigia mamake simu.

Nusu ya pili iko mahali ambapo wajane hawapatazami, katika Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai. Kifungu cha 386 kinamtaka mkuu wa kituo cha polisi, akipata habari za mtu aliyepotea na kuaminiwa kuwa amekufa, amjulishe mara moja hakimu mwenye mamlaka ya kuchunguza vifo. Hakimu akimaliza uchunguzi, kifungu cha 387 kinamtaka apeleke matokeo yake ngazi ya juu, pamoja na maoni kama ile miaka saba ipunguzwe, na kwa kiasi gani.

Tuseme mashua ya uvuvi imeondoka Kilindini ikiwa na watu sita. Usiku bahari ikachafuka. Kulipokucha wenzao wakaiokota ikiwa imepinduka, wawili wakiwa wameishikilia. Wanne hawakuonekana, na mmoja wao ana mke na watoto watatu. Huyu hafanani na mume aliyeaga kwenda Nairobi kutafuta kazi kisha simu ikazimwa. Hapa wapo walioona mawimbi yakimchukua, ipo mashua, upo mshahara ambao hajaurudia. Kwa ushahidi kama huo, miaka saba ni adhabu tu kwa walio hai.

Lakini ushahidi huo unachakaa. Manusura huhama, mwenye mashua huiuza, shajara ya mwajiri hupotea. Ndiyo maana ningemsihi mke aandikishe taarifa kituoni wiki hiyo hiyo na kuihifadhi nambari ya OB. Awaombe manusura waandike maelezo yao wakiwa bado wanakumbuka. Azunguke hospitali na vyumba vya maiti na kuweka rekodi ya alikokwenda. Kisha amwandikie mkuu wa kituo barua, akimwomba waziwazi alipeleke jambo hilo kwa hakimu, na abaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Faili lililoandikwa "amepotea" bila kufikishwa kwa hakimu huzeeka kabatini, na hapo ndipo familia nyingi hukwama.

Lipo pia suala la tarehe, ambalo huumiza wenye bima ya maisha. Kudhaniwa umekufa baada ya miaka saba hakusemi ulikufa siku gani. Mahakama ya Juu ya India, ambako sheria ya ushahidi iliyozaa yetu ilitungwa, iliamua hivyo mwaka 2004: mwenye kudai kuwa kifo kilitokea siku ile ya kupotea lazima aithibitishe. Familia iliyoacha kulipa michango ya bima mwaka wa pili inaweza kuambiwa kwamba bima ilikufa kabla ya mwenyewe. Kwa hiyo, ikiwezekana, michango iendelee kulipwa. Na ombi la mahakamani litaje siku ya ajali na ushahidi wake, lisiishie kwenye kuhesabu miaka.

Amri ikitoka bado kuna kusajili kifo, kisha mirathi, ambayo tangazo lake hukaa siku 30 katika Gazeti Rasmi kusubiri wapingaji. Hatua hizo siziamini kuwa kero. Aliyetangazwa mfu akirudi, kila karatasi itatakiwa.

Ninachodai kwa polisi ni kidogo. Anayeandikisha mtu aliyepotea baharini aambiwe pale pale mezani kwamba kuna hakimu, na kituo kimpe tarehe ya kupeleka faili. Kifungu cha 386 tayari kinasema "mara moja".