Usinitumie picha na "someni". Nani asome?

Wasee, tuache hii tabia ya kutupa picha ya tangazo la serikali kwa grupu ya familia na kuandika tu "someni". Magokoro yuko kijijini Nyamira na macho yake yamechoka. Atasoma nini hapo?

Aprili ilitupata. Ilikuwa picha ya ukurasa wa Gazeti Rasmi la Serikali, lile hutoka kila Ijumaa, herufi ndogo kama siafu. Mimi niliacha kampasi mwaka wa pili, lakini bado ndiye "msomi" wa boma. Nikaandika haraka, shangazi amsomee: "Serikali itatoa hati mpya ya shamba letu." Magokoro akafurahi sana.

Kumbe nimeharibu. Kufupisha si shida, shida ni nilichokata. Nilikata jina la aliyeomba hati, nikakata na lile neno "ila". Tangazo lilisema hati miliki imepotea na mpya itatolewa siku 60 zikiisha, ila kama kuna mtu amepinga. Aliyeomba ni baba mkubwa, kwa sababu shamba limeandikishwa kwa jina lake. Na hati haijapotea! Magokoro ameifungia kwa sanduku miaka yote, ndio shamba lisiuzwe.

Nikaandika upya:

"Magokoro, mtoto wako mkubwa ameambia serikali hati ya shamba imepotea. Anataka nyingine. Akipewa, ile yako ya sanduku itakosa nguvu. Kama hutaki, peleka barua ya kupinga kwa msajili wa ardhi Nyamira kabla ya tarehe 6 Mei. Onyesha hati, lakini waachie kopi pekee."

Hiyo tarehe niliihesabu. Usimwandikie mzee "siku 60", maana ataanza kuhesabu leo. Siku huanza tarehe ya tangazo, si siku picha imefika kwa simu yako. Letu lilikuwa la 7 Machi, sisi tukaliona 12 Aprili. Siku 36 zilikuwa zimeenda, tumebaki na 24.

Hekta pia nilibadilisha. Tangazo lilisema hekta 0.81, na magokoro anajua ekari mbili. Lakini namba ya shamba sikuigusa. Nilimwambia shangazi atoe hati tulinganishe tarakimu moja moja kwa simu, kwa sababu kwa picha yenye ukungu 3 na 8 ni mapacha. Ukikosea hapo, unapinga shamba la jirani.

Kuna mtu aliniambia eti nimechochea vita kwa familia, ningeacha tu lugha ya serikali. Mimi nakataa. Ile lugha ngumu ilikuwa tayari imechagua upande, na haukuwa wa magokoro. Barua ilifika kwa msajili zikiwa zimebaki siku tisa. Sasa wazee wa ukoo wanakaa na baba mkubwa, na hati iko kwa sanduku.

Kwenu nani husomea wazee hizi picha, na huwa anakata nini?