Tarakimu Sita si za Kuazimana

KARIBU kila mwananchi mwenye simu ya kisasa amewahi kupata ujumbe wa rafiki anayeomba fedha za haraka, na baadaye akaja kuambiwa kwamba aliyeomba hakuwa rafiki huyo. Tumezoea kusema kwamba akaunti ya mwenzetu "imehakiwa". Neno hilo linapotosha. Linatufanya tuamini kwamba mahali fulani ameketi fundi mwenye elimu ya ajabu, aliyevunja kufuli ambalo raia wa kawaida hana uwezo wa kulilinda. Lazima isemwe wazi: katika visa vingi vya WhatsApp hakuna kufuli lililovunjwa. Mwenye akaunti ameombwa ufunguo, naye ameutoa kwa mkono wake mwenyewe, kwa wema na kwa kutojua.

Tutoe mfano wa kisa kimoja tunachokifahamu vizuri. Katika mtaa mmoja wa Dar es Salaam kuna chama cha kuzikana chenye wanachama zaidi ya themanini. Mwekahazina wake ni mwalimu mstaafu, mama anayeheshimiwa na mtaa mzima, na matangazo yote ya chama hupitia katika kundi la WhatsApp. Jumamosi moja, saa kumi na mbili jioni, mama huyo alipata ujumbe uliotoka katika akaunti ya jirani yake: "Shikamoo mwalimu. Samahani, kuna namba sita nimezituma kwako kwa makosa. Nazihitaji sasa hivi, naomba unirudishie."

Kabla hajamaliza kuusoma, ujumbe mwingine ukaingia, safari hii kwa njia ya ujumbe mfupi wa kawaida, nao kweli ulikuwa na tarakimu sita. Mwalimu hakuona sababu ya kumnyima jirani kitu kilichokuwa chake. Akazinakili, akazituma. Hazikupita dakika mbili, WhatsApp yake ikafunga na kumwarifu kwamba namba yake haitumiki tena katika simu hiyo. Alidhani ni matatizo ya mtandao. Akazima simu, akalala.

Usiku ule ule kundi la chama lilipata tangazo kwa jina la mwekahazina. Lilisema kwamba kumetokea msiba, kwamba jeneza linapaswa kulipiwa kabla ya asubuhi, na kwamba michango itumwe kwa namba nyingine kwa kuwa laini yake ya fedha imefungwa. Wanachama tisa walituma jumla ya shilingi 340,000. Wa kumi, fundi seremala, aliuliza swali ambalo wengine hawakuuliza: aliyefariki ni nani? Hakujibiwa jina. Akampigia mwalimu kwa simu ya kawaida na kuikuta imezimwa, ndipo akaenda kumgongea mlango.

Hebu sasa tueleze kilichotendeka, kwa kuwa mtu asiyejua jinsi wizi unavyofanyika hawezi kuuzuia. Mtu anapoweka WhatsApp katika simu mpya, programu humwomba namba yake. Kisha hutuma tarakimu sita kwa namba ile, ili kuhakikisha kwamba anayejiandikisha ndiye anayeishika laini. Hapo ndipo uchunguzi wote unapoishia. Tarakimu zikiingizwa, akaunti huhamia katika simu iliyoziingiza, na simu ya zamani hutolewa. WhatsApp haiulizi laini imo katika simu ipi, wala haiulizi jina la mtu. Mwizi alikuwa ameandika namba ya mwalimu katika simu yake mwenyewe. Tarakimu zilizokwenda kwa mwalimu zilikuwa zake mwalimu tangu mwanzo. Hazikutumwa na jirani, wala hazikutumwa kwa makosa.

Na jirani je? Yeye alikuwa ameibiwa mapema siku ile ile, kwa hila ile ile. Akaunti moja ikishatekwa, mwizi huziona namba zote za wanachama katika makundi ya mwenyewe, naye huanza kumwandikia mmoja mmoja kwa jina ambalo wote wanaliamini. Ndiyo sababu ujumbe wa hila hautoki kwa mgeni. Hutoka kwa shemeji, kwa mchungaji, kwa katibu wa kikoba. Uaminifu wetu wenyewe ndio barabara anayopita.

Wako watakaouliza: si laini zote zimeandikishwa kwa alama za vidole? Ni kweli, nao uandikishaji huo unasaidia katika kumtafuta aliyepokea fedha. Lakini hauzuii utekaji huu, kwa sababu laini haikuibiwa. Laini ya mwalimu ilibaki katika simu yake usiku kucha. Angeiwasha, angeweza kupiga na kupigiwa kama kawaida.

Katika jambo hilo hilo ndimo ilimo dawa, na tunawaomba wasomaji wetu walishike sana. Kwa kuwa laini bado ni yako, tarakimu mpya zitakujia wewe. Mara tu unapotolewa katika WhatsApp, usizime simu na usisubiri asubuhi. Ifungue programu, andika namba yako upya, subiri tarakimu sita, kisha uziingize. Papo hapo mwizi hutolewa. Jambo moja tu liangaliwe: ukiomba tarakimu mara nyingi kwa pupa, programu hukuongezea muda wa kungoja. Omba mara moja, ngoja.

Mwalimu wetu alifanya hivyo Jumapili asubuhi kwa msaada wa mpwa wake, na hapo akakutana na kikwazo cha pili. Programu ilimtaka namba nyingine ya siri, ambayo hakuwahi kuiweka. Mwizi alikuwa ameiweka usiku ili kumfungia mlango kwa ndani. Mama alikata tamaa, akidhani kwamba kila kitu kimepotea. Haikuwa hivyo. Kwa zile tarakimu za ujumbe mfupi alizokwisha kuziingiza, mwizi alikuwa ameshatolewa, ingawa yeye mwenyewe alikuwa hajaweza kuingia. Ilimbidi angoje siku 7, kisha akaruhusiwa kuingia bila namba ile. Katika siku hizo mwenyekiti aliiondoa namba yake katika kundi, na habari zikatangazwa kwa ujumbe wa kawaida na kwa mdomo. Hasara ilikuwa imekwisha tokea, lakini haikuendelea.

Ziko pia habari za kumpa mtu faraja. Mazungumzo ya zamani hukaa katika simu yenyewe. Kwa hiyo mwizi anayeiteka akaunti kwa njia hii hayaoni, isipokuwa kama amepata pia akiba yako iliyohifadhiwa katika akaunti ya Google au ya iCloud. Anachokiona ni makundi yako na ujumbe mpya unaoingia. Kwa kuiba fedha, hayo yanamtosha.

Kinga yenyewe haimgharimu mtu hata senti moja. Mlango ambao mwizi aliufunga kwa ndani, ufunge wewe kwanza. Katika WhatsApp fungua "Settings", kisha "Account", kisha "Two-step verification", uweke namba ya siri ya tarakimu sita unayoichagua mwenyewe, na barua pepe ya kuirejesha ukiisahau. Tangu hapo, hata mtu akikulaghai ukampa tarakimu za ujumbe mfupi, atakwama katika namba hii ya pili. Usitumie mwaka wako wa kuzaliwa, wala namba ile ile unayotumia kutolea fedha kwa wakala. Na akikuuliza mtu namba hiyo, jibu ni lile lile: hapana.

Hata hivyo, kinga hii ina mpaka wake, nasi hatutaki kumdanganya msomaji. Upo ujanja wa pili ambao hauitoi akaunti katika simu yako, bali huiunganisha na kompyuta ya mwizi. Katika ujanja huo mwizi hakuombi tarakimu. Yeye ndiye anayekupa herufi na tarakimu nane, akikuambia uziingize katika WhatsApp yako ili upige kura katika shindano, ujiunge na kikao au upokee zawadi. Ukiziingiza, umemkaribisha ndani. Simu yako itaendelea kufanya kazi kama kawaida, nawe hutashuku lolote, huku yeye akisoma na kuandika kwa jina lako, yakiwemo hata mazungumzo yaliyopita. Namba ya siri uliyoiweka haimzuii. Njia ya kumgundua ni kufungua "Linked devices" na kuangalia orodha. Ukikuta kifaa usichokijua, kibonyeze na ukitoe. Inafaa kuangalia orodha hiyo mara kwa mara, kama mtu anavyokagua milango kabla ya kulala.

Kwa upande wa anayeombwa fedha, fundi seremala ametuonyesha njia. Piga simu ya kawaida, si ya WhatsApp, maana simu ya WhatsApp itamfikia mwizi. Isikie sauti. Simu ikiwa imezimwa, hiyo ni sababu ya kungoja, si sababu ya kutuma. Ujumbe unaosema fedha ziende kwa namba nyingine, yenye jina la mtu usiyemjua, ni ndugu wa ule wa zamani wa "ile hela tuma kwenye namba hii", ambao Watanzania wote wanaufahamu. Umebadilika nguo tu.

Aliyekwisha kutuma asione haya. Ampigie mara moja mtoa huduma wa fedha aliyemtumia, kwa kuwa fedha zikishatolewa kwa wakala ni vigumu kuzirudisha, na dakika chache huweza kuwa ndizo zinazoamua. Kisha atoe taarifa polisi akiwa na ujumbe na namba aliyotumia fedha, bila ya kufuta chochote. Udanganyifu wa namna hii ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Ujumbe mfupi wa kitapeli, pamoja na namba iliyoutuma, hupelekwa kwa namba 15040.

Tunasema aone haya mwizi, si aliyeibiwa. Mwalimu yule alikaa kimya nusu siku kwa aibu, na katika nusu siku hiyo wanachama wengine wawili walimtumia mwizi tarakimu zao. Wangejua saa ile ile, wasingezituma. Ujumbe unaoleta tarakimu wenyewe huonya, mara nyingi kwa Kiingereza: "Don't share this code with others". Maana yake ni kwamba usimpe mtu mwingine yeyote. Wazee wetu wengi hawakisomi Kiingereza hicho. Basi kila mwenye kukielewa akae na mama yake, shangazi yake au jirani yake jioni ya leo, amsomee maneno hayo kwa Kiswahili, kisha wafungue "Settings" pamoja na kuiweka ile namba ya siri. Kazi hiyo haizidi dakika tano.