Tangazo la bei nafuu linaweza kuwa ghali: hesabu tatu kabla ya kulipia redio au bango

Mwenye duka akiamua kutangaza, mara nyingi anaulizwa swali moja tu na muuzaji wa matangazo: "Bajeti yako ni ngapi?" Kisha analetewa karatasi yenye watu laki kadhaa na bei inayoonekana ya kutupa. Maoni yetu ni haya: kwa biashara ndogo ya mtaani, karatasi hiyo ndiyo hupoteza pesa nyingi, kwa sababu inahesabu watu ambao hawatawahi kufika dukani kwako.

Kuna hesabu tatu za kujua. Ya kwanza ni watu waliofikiwa, yaani watu tofauti waliosikia au kuona tangazo angalau mara moja. Ya pili ni marudio, yaani kila mmoja wao alilipata mara ngapi kwa wastani. Ukizidisha hizo mbili unapata jumla ya mara ambazo tangazo lilisikika. Ya tatu ni gharama kwa kila elfu: pesa ulizolipa, gawanya kwa jumla hiyo, kisha zidisha kwa 1,000.

Tuchukue duka la fanicha

Tuseme una duka la viti vya sofa na vitanda Bungoma mjini, na umetenga shilingi 60,000 za mwezi mmoja. Takwimu zifuatazo ni za mfano tu, lakini njia ya kuhesabu ni ileile utakayotumia kwako.

Redio ya kitaifa inakuuzia matangazo 6 kwa shilingi 10,000 kila moja, na kila tangazo linasikika na watu 200,000. Jumla ni mara 1,200,000, kwa hivyo gharama kwa kila elfu ni shilingi 50.

Redio ya eneo lako inakuuzia matangazo 40 kwa shilingi 1,500 kila moja, mawili kila siku ya kazi kwa wiki nne. Kila tangazo linasikika na watu 12,000. Jumla ni mara 480,000, na gharama kwa kila elfu ni shilingi 125.

Kwa karatasi, redio ya kitaifa imeshinda kwa mbali. Lakini nani atatoka Machakos kuja kununua sofa Bungoma? Tuseme katika kila wasikilizaji 100 wa redio ya kitaifa, 4 tu ndio wanaishi karibu kiasi cha kuja dukani. Hao ni watu 8,000 kwa kila tangazo, na kwa matangazo 6 ni mara 48,000. Gawanya tena: gharama kwa kila elfu sasa ni shilingi 1,250. Kwa redio ya eneo, tuseme ni 60 katika kila 100. Hao ni watu 7,200 kwa kila tangazo, mara 288,000 kwa mwezi, na gharama ni kama shilingi 208. Ile iliyoonekana nafuu imekuwa ghali mara sita.

Ndiyo maana tunasema usikubali gharama kwa kila elfu ya muuzaji. Toa kwanza watu wasioweza kukufikia, ndipo uhesabu yako.

Marudio ndiyo yanayokumbukwa

Tuendelee na mfano huo. Tuseme redio zote mbili, kwa mwezi mzima, zimefikia watu 24,000 tofauti walio karibu nawe. Ya kitaifa imewafikia mara 2 kila mmoja kwa wastani. Ya eneo imewafikia mara 12, yaani mara 3 kwa wiki.

Mwaka 1972 mtafiti Herbert Krugman alieleza kwamba mtu akikutana na tangazo mara ya kwanza hujiuliza "ni nini hiki?", mara ya pili "kinanihusu vipi?", na kuanzia ya tatu tangazo ni la kumkumbusha tu. Si sheria ya kupimia kila kitu, lakini inasaidia kuona kwa nini mara mbili kwa mwezi ni kidogo. Hakuna anayejua siku ambayo kitanda cha jirani kitavunjika. Unataka jina lako liwe kichwani siku hiyo ikifika.

Wastani nao una ujanja wake. Mara 12 haimaanishi kila mtu alisikia mara 12. Fundi anayewasha redio kutwa alisikia zaidi ya hapo, na mwalimu aliye darasani pengine mara moja. Kwa hivyo gawanya matangazo yako: moja asubuhi watu wakienda kazini, moja jioni wakirudi. Pesa zikipungua, afadhali wiki mbili zilizojaa kuliko miezi mitatu ya tangazo moja moja.

Muuzaji akikwambia "utafikia watu 480,000", muulize: ni watu, au ni mara? Kwenye mfano wetu ni mara. Msikilizaji yuleyule amehesabiwa kila aliposikia.

Bango lina hesabu hiyohiyo

Bango lina marudio kwa asili yake, kwa kuwa anayepita hapo kila siku analiona kila siku. Shida iko kwa watu waliofikiwa. Ukiambiwa magari 30,000 hupita kwa siku, kumbuka bango lenye uso mmoja huonwa vizuri na wanaokuja upande wake tu, kwa hivyo anza kwa kukata nusu. Halafu angalia ni nani hao. Barabara ya Webuye kwenda Malaba imejaa malori yanayoelekea mpaka wa Uganda, na dereva wa lori la transiti hanunui sofa yako. Bango dogo karibu na steji ya matatu au njia ya kwenda sokoni linaweza kukufaa zaidi.

Nenda usimame hapo dakika 15 asubuhi, mchana na jioni, uhesabu wewe mwenyewe. Angalia kama kuna mti unaoziba na kama usiku kuna taa. Uliza pia kama uchapishaji, ada za kaunti na VAT ya asilimia 16 zimo ndani ya bei. Zisipokuwemo, gharama yako kwa kila elfu si ile uliyoambiwa.

Kabla na baada ya kulipa

Lipa kwa namba ya biashara ya kituo, kamwe si kwa namba binafsi ya mtangazaji, na uhifadhi ujumbe wa malipo. Omba orodha ya saa ambazo tangazo lilipeperushwa. Ikiwezekana, lipa sehemu mwanzoni na salio baada ya kuiona, maana tangazo la saa moja asubuhi lililosukumwa hadi usiku wa manane si lile ulilonunua.

Halafu pima. Kama sofa moja inakuachia faida ya shilingi 5,000, unahitaji sofa 12 zaidi ya kawaida yako ili kurudisha 60,000. Fungua taarifa ya malipo yako, linganisha wiki nne za tangazo na wiki nne za kabla yake, na umuulize kila mteja mpya alikusikia wapi. Usilinganishe Desemba na Januari, utajidanganya.

Na kama unauza mboga kwa majirani wa mtaa mmoja, hesabu hii itakuonyesha mapema kwamba redio na bango si vyako. Wateja wako wote wako hatua chache kutoka kibandani, na kibao kizuri mlangoni kitawafikia kila siku.