Acheni Kuficha Mwisho

Mhariri si mpenzi wako wa kuchezewa kidoti. Ni mtu aliye kazini. Mezani kwake kuna miswada, na kabla hajafungua wako anataka kujua mambo mawili: hadithi hii inamhusu nani, na inaishaje. Jambo la kwanza unamjibu kwa sentensi moja, ile ambayo watu wa filamu wanaiita logilaini nasi tumeiazima kwao. La pili unamjibu kwa muhtasari wa ukurasa mmoja. Sisi vijana tunaoandika riwaya kwa Kiswahili tumejizoeza kutojibu hata moja, kisha tunalalamika kwamba wachapishaji hawatusomi.

Tangu nianze shahada ya uzamili nimesoma mihtasari mingi ya wenzangu kabla haijatumwa. Ugonjwa wake ni mmoja, na najua tumeambukizwa wapi. Ni darasani. Tangu kidato cha tatu tumefundishwa kwamba kuieleza riwaya ni kutaja dhamira zake: ufisadi, usaliti, malezi, nafasi ya mwanamke, mgongano wa kizazi. Tumepata alama kwa kufanya hivyo. Basi siku tunapoieleza riwaya yetu wenyewe tunajibu mtihani ambao hakuna aliyetutungia.

Chukua Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971. Ukisema inahusu malezi na nafasi ya mwanamke, hujakosea, lakini umetaja riwaya hamsini kwa mpigo. Sema hivi badala yake: binti aliyelelewa na baba mkali asiyetaka hata aonekane na mvulana anakwenda shule ya bweni bila kujua lolote kuhusu wanaume, na uhuru asioujua unamwangamiza. Sasa kuna mtu, kuna kinachomsukuma, na kuna shimo mbele yake. Malezi yamo humo humo, ila hayakuhitaji kutajwa.

Nitatumia mswada wa rafiki yangu, kwa ruhusa yake, kuonyesha ninachopigania. Unaitwa Mizani. Aliuandika kwa miaka minne, na mchapishaji wa kwanza aliupitia muhtasari tu akaurudisha na mistari miwili ya asante. Muhtasari wenyewe ulianza hivi: “Mizani ni riwaya inayosawiri ufisadi, usaliti na nafasi ya mwanamke katika jamii ya Kusini mwa Tanzania.” Ukaendelea na nusu ukurasa kuhusu historia ya zao la korosho, ukataja wahusika kumi na mbili kwa majina, ukamalizia: “Je, Zuhura atathubutu? Msomaji atajionea mwenyewe.”

Nilipomuuliza kwa mdomo riwaya yake ni ya nini, alinisimulia kwa dakika mbili na nikaacha chai ikapoa. Zuhura ni karani wa mizani katika chama cha msingi cha korosho, Newala. Anagundua kwamba kila gunia linapopita kwenye mizani ya chama linapoteza kilo mbili. Anaanza kuandika uzito wa kweli katika daftari lake la siri. Baadaye anagundua jambo baya zaidi: mwenyekiti wa chama ni baba yake, na kilo hizo ndizo zilizomlipia yeye ada ya chuo. Bibi yake mzaa mama ni mmoja wa wakulima wanaoibiwa.

Hebu niambie, ufisadi na usaliti vimetoka wapi kuja kuifunika hadithi hii?

Tulikaa kutafuta sentensi. Kanuni tulizojiwekea ni chache. Usimtaje mhusika kwa jina, kwa sababu “Zuhura” halimwambii mhariri chochote, ila “karani wa mizani” linamwambia. Taja jambo linalovuruga maisha yake. Taja uchaguzi ulio mbele yake, na hakikisha kila upande wa uchaguzi huo unauma. Usizidi maneno thelathini na tano au hapo karibu. Tuliishia hapa: “Karani wa mizani wa chama cha korosho Newala anagundua kuwa kilo zinazoibwa kwa wakulima ndizo zilizomlipia ada ya chuo, sasa lazima achague kumlinda baba yake, mwenyekiti wa chama, au kuwasomea wakulima ushahidi hadharani.” Ni maneno 33. Sentensi haitoi mwisho, na haina haja, kwa kuwa kazi yake ni kumfanya mhariri ageuze ukurasa. Kazi ya kutoa mwisho ni ya muhtasari.

Hapo ndipo tulipogombana. Rafiki yangu alikataa kata kata kuandika mwisho. Alisema ukishauza mwisho, umeuza riwaya. Hili nalisikia kila mahali, na nalipinga kwa nguvu zote, kwa sababu linachanganya karatasi mbili zenye kazi tofauti. Maneno ya jalada la nyuma yanaandikwa kwa mnunuzi aliyesimama dukani, naye ana haki ya kufichwa. Muhtasari unaandikwa kwa mtu anayefikiria kuweka fedha kwenye karatasi, wino, usanifu na uhariri wa kitabu chako. Yeye anataka kujua kama unaweza kumaliza ulichoanzisha. Kuanza kila mtu anajua. Ukimwachia alama ya kuuliza, atadhani kwamba hata wewe huna jibu, na mara nyingi atakuwa amepatia.

Isitoshe, riwaya ambayo inakufa ukishajua mwisho wake ilikuwa mgonjwa tangu mwanzo. Nani kati yetu hakujua kwamba Rosa anajiua kabla hajaifungua Rosa Mistika? Tulisoma tu, na tukaumia.

Wengine wanaficha kwa kuogopa wizi. Hofu hiyo naielewa, lakini tazama sheria inalinda nini. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania, ya mwaka 1999, inalinda kazi iliyoandikwa, hailindi wazo tupu. Karani anayegundua wizi wa baba yake si mali ya mtu, na hata ungemficha vipi asingekuwa mali yako. Chako ni zile kurasa mia tatu ulizomwandikia, na hizo haziwezi kuibwa kutoka kwenye ukurasa mmoja.

Basi tukaandika. Njia tuliyoifuata ni ya kijinga kwa wepesi wake, lakini ndiyo iliyotuumbua. Kila tukio kubwa tuliliandika kwa sentensi moja, wakati uliopo, nafsi ya tatu. Kisha kati ya sentensi na sentensi tukajaribu kuweka “kwa hiyo” au “lakini”. Panapokubali, hadithi inasukumana. Panapokubali “halafu” peke yake, matukio yamepanga foleni tu, hayajuani.

Zuhura anaona mizani inapunguza kilo mbili. Kwa hiyo anaanza daftari la siri. Sawa. Daftari linaonyesha fedha zinakwenda kwa baba yake. Lakini fedha hizo ndizo zilizomsomesha. Sawa sana. Halafu anakaa kimya sura tano. Halafu unakuja mkutano mkuu na anasimama kusema.

Kwa nini anasimama? Rafiki yangu alifungua mdomo akaufunga. Mswada wa kurasa mia tatu ulikuwa na shimo katikati, na miaka minne hakuliona, kwa kuwa ndani ya sura tano kulikuwa na maelezo mazuri ya mvua, ngoma na soko yaliyolifunika. Ukurasa mmoja hauna pa kufichia shimo. Jibu lenyewe lilikuwemo kwenye mswada, limetupwa sura ya kumi na nne kama kumbukumbu tu: siku bibi alipoleta gunia lake mwenyewe, na Zuhura, baba yake akiwa amesimama nyuma yake, akaandika uzito wa uongo kwa mkono wake. Rafiki yangu alilihamisha tukio hilo likaja kabla tu ya mkutano, na sura mbili za mvua zikafutwa. Sasa “kwa hiyo” ikakubali.

Aya ya mwisho ya muhtasari mpya inasomeka hivi: “Katika mkutano mkuu Zuhura anasoma daftari lote, pamoja na uzito wa gunia la bibi yake alioughushi mwenyewe. Baba yake anaondolewa na kushtakiwa. Lakini malipo ya msimu yanasimamishwa kupisha uchunguzi, na wakulima aliowatetea wanamgeukia. Bibi, asiye na fedha ya chakula, anaamua kuuza korosho zake kwa kangomba, kwa bei ya hasara. Zuhura anambebea gunia hadi kwa mnunuzi, na anasimama kando wakati linapopimwa.” Aliyesoma aya hii hajaharibiwa kitu. Anajua mwandishi anaujua uzito wa alichokianzisha. Muhtasari mzima ni aya nne zinazoenea ukurasa wa A4, na wahusika wenye majina ni watatu tu. Wale tisa wamebaki riwayani, ambako ndiko kwao.

Nakubali kwamba sentensi moja haitoshi kila riwaya. Nagona na Mzingile za Kezilahabi zingeichana vipande, kwa sababu safari zake ni za fikra na dunia yake haifuati kalenda. Ila hata huko kuna anayesafiri, anachokitafuta na anachokikuta, na hivyo vinaandikika. Wengi tunaojificha nyuma ya Nagona tumeandika hadithi za kawaida kabisa ambazo hatujaziangalia vizuri.

Nakubali pia kwamba wachapishaji wetu wengi wanaishi kwa vitabu vya shule, na mhariri atajiuliza kama riwaya inaweza kusomwa darasani. Mwambie. Lakini mwambie kwenye barua ya utangulizi, kwa sentensi moja: riwaya ina maneno mangapi, inamlenga msomaji gani, inagusa mambo gani. Dhamira zina mahali pake, na mahali pake ni pale. Ukizijaza kwenye muhtasari, umempa mhariri majibu ya mtihani na umemnyima hadithi.

Mizani ilitumwa tena mwezi wa tatu kwa mchapishaji mwingine. Jibu halijaja. Likija la kukataa, rafiki yangu atajua kwamba safari hii aliyemkataa alijua anakataa nini: karani, daftari, gunia la bibi na yule mnunuzi wa kangomba. Mara ya kwanza walirudisha orodha ya dhamira, na orodha hiyo hata mimi ningeirudisha.