Barua pepe saba, malipo mawili

DAFTARI LA JUMAMOSI
Na Rehema Mkude

Wapo wenye nyumba za wageni Mikumi wanaoweza kukuambia ni lini tembo walivuka barabara kuu ya Iringa, lakini ukiwauliza nani kalipa na nani bado, wanaanza kupekua simu. Siwalaumu. Mgeni anatoka hifadhini na vumbi lake, ila fedha yake inatoka kwingine kabisa: kwa wakala wa Dar es Salaam, kwa kampuni ya Zanzibar inayoleta watu kwa ndege ndogo, au kwa msafirishaji aliye ng'ambo. Mara nyingi mwenye nyumba mwenyewe anakaa Kilosa mjini na vyumba viko Mikumi, kwa hiyo hata yeye na mtu wake wa mapokezi wanaandikiana. Wote wanakutana kwenye barua pepe moja ndefu, kila mmoja akiwajibu wote. Mwisho wa mwezi, binti wa ofisini anaambiwa, "Tutolee humo jedwali la waliolipa: jina, tarehe, kiasi."

Anayetoa agizo hilo huwa anadhani ni kazi ya kunakili. Mimi nasema ni kazi ya uhasibu, na anayeifanya kwa kunakili ataharibu hesabu hata kama hajakosea tarakimu hata moja.

Chukua mfano huu wa kutunga, ambao watu wa Mikumi watautambua. Wakala wa Dar anaandika Jumatatu, 24 Februari 2025, akitaka vyumba vitatu kwa usiku mbili. Mapokezi wanajibu siku hiyohiyo: chumba ni 90,000 kwa usiku, jumla 540,000, tangulizeni nusu. Jumamosi tarehe 1 Machi wakala anaandika, "Nimetuma 270k leo kwa simu, jina litasoma la mke wangu." Jumatatu tarehe 3 mapokezi wanajibu, "Tumepokea 270,000, asante." Tarehe 6 wakala anaongeza chumba cha nne na kusema salio atalipa 07/03. Ijumaa tarehe 7, usiku, anaandika, "Salio tayari, laki nne na nusu, nimepitisha benki." Jumatatu tarehe 10 mwenye nyumba anajibu kutoka Kilosa kwamba fedha imeonekana.

Barua saba. Binti anayenakili atapita toka juu hadi chini akiokota kila palipo na kiasi na neno la kulipa. Ataandika 270,000 ya tarehe 1, 270,000 ya tarehe 3, na 450,000 ya tarehe 7. Jumla 990,000. Vyumba vinne kwa usiku mbili ni 720,000, kwa hiyo jedwali linasema wakala kazidisha 270,000. Akitokea mwenye nyumba mwaminifu na mwenye haraka, atamrudishia fedha ambayo hakuwahi kuitoa.

Chanzo cha kosa ni kwamba barua ya tarehe 3 haikuleta fedha yoyote. Ilikuwa inajibu habari ya fedha ileile. Tena mfano wangu ni mpole, maana nimeondoa mkia. Kwenye barua pepe halisi kila jibu linaburura chini yake barua zote zilizotangulia, kwa alama ya `>` au mstari wa pembeni. Ukichapisha mazungumzo hayo yote, ile 270k ya Jumamosi inatokea tena chini ya kila jibu lililofuata. Ndiyo maana hatua ya kwanza, kabla ya kufungua jedwali, ni kusoma kila barua mpaka pale mkia unapoanza, kisha kusimama. Kilicho chini ya hapo umekwisha kukisoma katika barua yake yenyewe. Ila uwe macho na wateja wanaojibu ndani ya mkia, mstari kwa mstari, wengine kwa wino mwekundu. Hao usiwaruke.

Hatua ya pili ni kuamua mstari mmoja wa jedwali unasimamia nini. Jibu langu ni muamala mmoja, yaani fedha iliyohama mara moja. Barua inayosema "nitatuma" ni ahadi, haina mstari. Barua inayotaja bei ni dai, nayo haina mstari. "Tumepokea" ni uthibitisho wa mstari uliopo. Katika barua zetu saba, ni mbili tu zilizozaa mstari: ya tarehe 1 na ya tarehe 7.

```
Tarehe,Mlipaji,Kwa niaba ya,Kiasi,Njia,Kumbukumbu,Barua ya
2025-03-01,(jina la mke),Wakala wa Dar,270000,Simu,...,2025-03-01
2025-03-10,Wakala wa Dar,Wakala wa Dar,450000,Benki,...,2025-03-07
```

Tazama safu za majina. Nimeweka mbili kwa makusudi, kwa sababu katika biashara hii anayeandika barua, anayelipa na anayelala huenda wakawa watu watatu tofauti. Ukiweka jina moja tu, ukaweka la wakala, basi siku utakapotafuta malipo hayo kwenye ujumbe wa simu hutayaona, maana simu inasoma jina la mkewe. Ukiweka la mke, wakala ataonekana anadaiwa. Na jina liandikwe kwa namna moja mwezi mzima. Nimeona jedwali ambamo mteja mmoja alikuwa watu watatu: kwa jina kamili, kwa jina la kampuni yake, na kama "yule wa Ulaya". Huku kwetu hilo la mwisho halisaidii hata kidogo, kwani Ulaya ipo hapahapa, njiani ukitoka Kilosa kwenda Mikumi.

Tarehe nayo ina hila. Barua ya Ijumaa usiku inasema fedha imetumwa. Benki inaiandika Jumatatu. Zote mbili ni kweli, lakini ya kuingiza kwenye safu ya tarehe ni ile ya fedha kufika, na ya barua ikae safu yake ya mwisho ili atakayebisha aweze kurudi kuisoma. Maneno "leo", "jana" na "Jumamosi" yabadilishwe kuwa tarehe kamili palepale unaposoma, ukihesabu kutoka siku barua ilipoandikwa. Ukiyaacha hadi kesho yamekwisha kupoteza maana.

Halafu kuna 07/03. Kwetu ni tarehe 7 Machi. Kwa msafirishaji wa Marekani ni 3 Julai. Kibaya zaidi ni kompyuta yenyewe, ambayo mara nyingi inakuja imepangwa kwa mtindo wa Kimarekani bila mtu kuigusa. Ukibandika humo 07/03/2025 inaipokea kimyakimya kama Julai. Ukibandika 24/02/2025 inashindwa, maana hakuna mwezi wa 24, basi inaiacha kama maneno matupu. Hapo ndipo unapoweza kuikamata. Katika Eksel, tarehe iliyoeleweka inajisogeza kulia mwa kisanduku na maneno yanakaa kushoto. Ukiona safu moja ya tarehe nyingine ziko kushoto na nyingine kulia, usihangaike na zile za kushoto peke yake. Zilizoharibika ni za kulia. Kuandika mwaka kwanza, 2025-03-07, kunamaliza ugomvi huo.

Kiasi kinaandikwa kwa namna nyingi kuliko majina. 270k, 270,000/=, laki mbili na sabini, Tsh 270000. Yote ni kitu kimoja, na kwenye jedwali yaingie kama tarakimu tupu bila herufi wala mkwaju, la sivyo kompyuta itayaona kama maneno na itayaruka kwenye jumla bila kukuambia. Mtego mkubwa ni wa wateja wa Ujerumani na jirani zao, wanaotenga maelfu kwa nukta. "270.000" ya kwao, ikibandikwa kwenye jedwali letu, inakuwa mia mbili na sabini. Malipo ya shilingi 270 kwa chumba cha Mikumi yanajitangaza yenyewe, mradi kuna mtu anayetazama.

Kuna pia sarafu. Barua za zamani zimejaa dola. Tangu kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zilipotangazwa, 28 Machi 2025, huduma za ndani ya nchi zinapaswa kutajiwa bei kwa shilingi, kwa hiyo anayerudi nyuma kupanga mahesabu ya mwaka huo atakutana na mazungumzo yanayoanza kwa dola na kumalizika kwa shilingi. Usichanganye katika safu moja. Weka safu ya sarafu. Na kwa fedha iliyotoka nje, andika kilichoingia kwenye akaunti, kwani benki za njiani huenda zimekata ada yao. Hiyo tofauti ni gharama. Mteja akisema katuma 300 naye hasemi uongo.

Sasa safu ninayoipigania kuliko zote: kumbukumbu, yaani ile namba ya muamala inayokuja na ujumbe wa simu au karatasi ya benki. Jina linafanana, kiasi kinafanana, hata siku inafanana, hasa kwa wakala anayeleta makundi mawili wiki moja na kulipa 270,000 kwa kila moja. Namba ya muamala haifanani. Kama haimo kwenye barua, muulize mteja siku hiyohiyo. Safu hiyo ipange iwe ya maandishi kabla ya kubandika chochote, kwa sababu Eksel inashika tarakimu 15 tu za namba. Zinazozidi inazigeuza sifuri. Kisha, ikiwa kumbukumbu ziko safu ya F, weka pembeni fomula hii na uiburure chini:

```
=SUMPRODUCT((F$2:F2=F2)*(F$2:F2<>""))
```

Ikitoa 2 au zaidi, malipo hayo umekwisha kuyaandika. Jedwali la yule binti lingejishtaki lenyewe kwenye mstari wa pili, kama angekuwa amepewa safu hiyo na kuijaza.

Hata hivyo, jedwali lililotolewa kwenye barua pepe, liwe safi namna gani, bado ni orodha ya maneno ya watu. Wakala aliyeandika "nimepitisha benki" huenda alijaza fomu akasahau kuikamilisha. Chapisha taarifa ya benki na ya akaunti ya simu za mwezi huo, kaa na kalamu, na uweke alama kila mstari unaokutana na mwenzake. Mstari wa jedwali usio na mwenzake benki ni ahadi iliyojivika nguo za malipo. Fedha ya benki isiyo na mstari ni mteja aliyelipa bila kuandika, na huyo ndiye tunayemsumbua kwa simu za madeni asiyodaiwa.

Wenye biashara, msimtume mtu kutoa jedwali bila kumpa taarifa hizo mbili mkononi. Na barua zile msizifute baada ya jedwali kukamilika: Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inawataka mtunze kumbukumbu za biashara kwa miaka 5.